Friji inakula umeme wa shilingi ngapi kwa mwezi? Maswali yanayoulizwa kila siku (hesabu za Dar)

Hesabu zote hapa nimetumia friji yangu mwenyewe, ya milango miwili, ya kawaida sio ya inveta, nilinunua mtumba Kariakoo na ipo jikoni Tabata. Ya kwako itakuwa tofauti kidogo ila njia ni ile ile, badilisha namba tu.

## Mambo ya kwanza

Hesabu yenyewe inafanywaje?

Unahitaji vitu vitatu tu: wati za friji, masaa inayofanya kazi kwa siku, na bei ya uniti moja ya umeme. Uniti moja ya LUKU ni kWh 1, yaani kitu cha wati 1000 kikiwaka saa zima. Basi:

```
uniti kwa mwezi = W × masaa kwa siku × 30 ÷ 1000
gharama = uniti kwa mwezi × bei ya uniti moja
```

Friji yangu ina wati 120, kompresa inafanya kazi kama masaa 12 kwa siku. 120 mara 12 mara 30 gawa kwa 1000 unapata uniti 43.2. Uniti moja naipata kwa sh 356, kwa hiyo ni kama sh 15,400 kwa mwezi. Basi, hesabu imeisha. Kinachowasumbua watu sio kuzidisha, ni hayo masaa 12 yametoka wapi, na ndio maana ukurasa huu umekuwa mrefu hivi.

Mbona friji yangu inawaka masaa 24, kwa nini usizidishe kwa 24?

Hapa ndipo karibu kila mtu anapokosea. Friji imechomekwa masaa 24 ndio, lakini kinachokula umeme ni kompresa, na kompresa haifanyi kazi muda wote. Themostati ikiona ndani kumepoa vya kutosha inaikata, kimya, unasikia ile "tak", alafu joto likipanda inaiwasha tena. Ikiwa imekata, friji haili kitu, labda taa ukifungua mlango.

Hili kosa mimi limeshaniletea maneno. Enzi napanga chumba na sebule, LUKU moja tulikuwa wapangaji wanne, mama mmoja jirani akaja na simu yake ameshapiga hesabu: "Kaka, nimesoma nyuma ya friji lako, wati 120, mara masaa 24, mara siku 30, hiyo ni uniti 86, elfu 30 na ushee, na wewe unachanga elfu 15 kama sisi." Kuzidisha kwake kulikuwa sahihi kabisa, huwezi kumpinga kwenye kikokotozi. Alichokosea ni kimoja tu, hizo 24. Ilibidi nimwite chumbani tukae tusikilize kompresa ikiwaka na kuzima na simu mkononi tukihesabu dakika, na namna ya kupima iko kwenye swali la masaa hapo chini. (Kuhusu kugawana LUKU nimeandika mwishoni.)

Bei ya uniti ni shilingi ngapi?

Kwa nyumba nyingi za kawaida hapa mjini, zile za T1, bei ni sh 292 kwa uniti, alafu juu yake kuna VAT asilimia 18, REA asilimia 3 na EWURA asilimia 1. Jumla inakuwa sh 356 na senti. Ndio maana ukinunua umeme wa 10,000 unapata kama uniti 28.

Kuna wengine wapo kwenye ile ya matumizi madogo, D1, uniti sh 100, ukiweka na makato ni 122. Hao wana habari yao tofauti, na friji inawahusu kuliko mtu yeyote, soma swali la uniti 75.

Mbona nikigawa hela niliyonunulia kwa uniti nilizopata inatoka zaidi ya 356?

Kodi ya jengo. Siku hizi inakatwa humo humo kwenye LUKU, nyumba ya kawaida ni 1,500 kwa mwezi. Ukinunua ya 10,000 kwa mara ya kwanza kwenye mwezi, umeme wako ni wa 8,500 tu, unapata uniti 23.9, ukigawa unaona uniti moja ni 418 unaanza kulaumu friji bure. Chukua risiti ya mara ya pili ndani ya mwezi huo huo, ile haina makato ya jengo, gawa hela kwa uniti, hiyo ndio bei yako halisi ya kupigia hesabu.

## Wati

Nasoma wapi wati za friji?

Kuna kibandiko ndani ubavuni karibu na droo za mboga, au nyuma chini kwenye kompresa. Tafuta namba yenye W. Ukiona W mbili tatu usizijumlishe: moja ni ya friji yenyewe, nyingine ndogo ni ya taa, na kama ni ile isiyoganda barafu kuna nyingine ya hita ya kuyeyusha, nayo nimeieleza kwenye swali lake.

Kibandiko kimeandika A tu, hakuna W. Nizidishe kwa 230?

Unaweza, ila utapata namba kubwa kuliko ukweli. Friji yangu imeandikwa 0.7 A, mara volti 230 unapata 161, wakati nilivyoipima inakula chini ya 120. Sababu moja ni kwamba mota ya kompresa inavuta ampea ambazo sio zote zinageuka kuwa kazi, na mita ya nyumbani inahesabu zile wati za kazi tu. Sababu nyingine, ile ampea ya kibandiko ni ya hali ngumu, joto kali na friji imejaa vitu vya moto, sio ya siku ya kawaida. Kama huna namna nyingine zidisha kisha punguza robo, utakuwa umekaribia. Ila kama una mita yako peke yako, pima, ni dakika tano.

Napimaje wati halisi bila kununua kifaa?

Mita ya LUKU ina kataa kadogo kekundu kanakomweka. Pembeni yake kuna maandishi kama 1000 imp/kWh au 1600 imp/kWh. Maana yake ni kwamba kakimweka mara 1000 (au 1600) uniti moja imeisha. Sasa zima kila kitu ndani, chomoa hata chaja na tivii usiiache kwenye rimoti, bakiza friji peke yake na hakikisha kompresa inanguruma. Pima sekunde kati ya mmweko na mmweko, au bora upime mimweko 10 ugawe kwa 10.

```
W = 3600000 ÷ (imp × sekunde za mmweko mmoja)
```

Mimi mita yangu ni 1000, mimweko 10 ilichukua sekunde 310, yaani 31 kwa mmoja. 3600000 gawa kwa 31000 ni wati 116. Kibandiko kinasema 120, kwa hiyo hakikunidanganya sana. Subiri kwanza dakika kama tano kompresa ikishawaka ndio uanze kuhesabu, maana pale mwanzoni inavuta zaidi.

## Masaa

Najuaje kompresa inafanya kazi masaa mangapi kwa siku?

Unasikiliza. Usiguse themostati, usijaze vitu vipya siku hiyo. Kompresa ikiwaka anza saa ya simu, ikizima andika dakika, ikiwaka tena andika dakika ilizokaa kimya. Waka gawa kwa waka ukijumlisha na kimya, hiyo ndio sehemu ya muda inayofanya kazi, zidisha kwa 24.

Ila pima mara mbili, mchana na usiku, kwa Dar tofauti ni kubwa. Yangu saa 8 mchana, jua la Januari na jikoni feni hakuna, iliwaka dakika 22 ikazima 14. Hiyo ni 22 kwa 36, asilimia 61. Saa 9 usiku (niliamka kwa ajili hiyo, mke wangu alidhani kuna mwizi jikoni) iliwaka dakika 13 ikazima 20, asilimia 39. Katikati yake ni nusu, ndio ile 12 niliyotumia juu. Ningepima usiku tu ningepata masaa 9, ningepima mchana tu ningepata karibu 15, na hela ingetofautiana kama elfu saba, friji ile ile.

Kama huna muda wa yote hayo, kwa friji nzima ya kawaida mjini hapa anza na masaa 12, kama jikoni ni joto sana au mna watoto wanaofungua kila dakika weka 14.

Si rahisi tu kuangalia uniti kwenye LUKU?

Ni rahisi na ndio uhakika zaidi, shida ni kupata nyumba yenye friji peke yake inayowaka. Sisi tulisafiri Ijumaa mpaka Jumapili, nikazima swichi zote za boksi nikabakiza ya jikoni. Nilipoondoka LUKU ilisoma 214.6, masaa 48 baadaye 212.3. Zimeenda uniti 2.3, yaani 1.15 kwa siku, kwa mwezi 34.5, kama sh 12,300.

Utasema mbona juu nimesema 15,400. Kwa sababu siku hizo mbili hakuna aliyefungua mlango wala kuingiza sufuria la maharage ya moto. Hiyo elfu tatu ya kati ndio gharama ya sisi wenyewe kuitumia friji. Kwa hiyo ukipima mkiwa safarini, jua umepata kiwango cha chini.

Nikizima friji usiku nitaokoa nusu ya hela?

Hapana. Kwanza usiku ndio inakula kidogo, umeona namba hapo juu. Pili, ukiizima joto linaingia polepole, ukiiwasha asubuhi kompresa inapiga mfululizo kulitoa joto lile lile. Unaokoa kidogo kwa sababu ndani kukiwa na joto zaidi basi joto la nje linaingia taratibu zaidi, ila ni kidogo, na unakilipia kwa maziwa na nyama. Friji iliyofungwa bila umeme inahifadhi chakula kama masaa 4 hivi, kuanzia saa 4 usiku mpaka saa 12 asubuhi ni masaa 8, hesabu mwenyewe.

## Friji za aina nyingine

Yangu ni ya inveta, nikisikiliza haizimi kabisa. Inakula sana?

Hapana, ndivyo ilivyotengenezwa. Inveta haiwaki na kuzima, inapunguza mwendo, sasa hivi wati 80, baadaye 35, kwa hiyo wati za kibandiko mara masaa haikupi kitu cha maana. Kwa hiyo tumia namba ya kWh kwa mwaka iliyo kwenye ile karatasi ya rangi mlangoni, gawa kwa 12. Mfano 280 kwa mwaka ni uniti 23.3 kwa mwezi, sh 8,300. Ila namba hizo zinapimwa maabara kwenye hali iliyopangwa, sio kwenye jikoni la Mbagala mwezi wa pili, mimi huongeza robo, inakuwa kama 10,400. Au pima kwa LUKU kama kwenye swali la kuangalia uniti hapo juu.

Isiyoganda barafu inaongeza kiasi gani?

Ile hita ya kuyeyusha tuseme ni wati 160, inawaka labda nusu saa mara mbili kwa siku. Hiyo ni uniti 0.16 kwa siku, 4.8 kwa mwezi, sh 1,700. Haiumi kihivyo. Upande wa pili ile ya kuganda ukiacha barafu linenepe ukutani, barafu linakuwa kama blanketi na kompresa inachelewa kuzima, unaweza ukalipa hiyo 1,700 na zaidi kwa uvivu wa kuyeyusha. Na usilitoe kwa kisu tafadhali, mafundi wanakula sana kwa hao watu wa kisu.

## Ikianza kula kupita kiasi

Mwezi jana hela ilikuwa kawaida, mwezi huu imepanda na hakuna kitu kipya ndani. Ni friji?

Sikiliza kama kompresa inazima. Ukikaa saa nzima usiku, mlango umefungwa, haijazima hata mara moja na sio ya inveta, kuna tatizo. Ikipiga masaa 24 kwa wati 120 ndio sasa ile hesabu ya jirani yangu inakuwa kweli, uniti 86, zaidi ya elfu 30.

Anza na mpira wa mlango. Funga mlango na noti ya elfu moja katikati uivute, ikitoka bila kushikwa hapo panapitisha joto, zungusha pande zote nne. Mara nyingi ni uchafu na mpira umekakamaa, maji ya uvuguvugu na sabuni yanasaidia. Kisha angalia nyuma, kama ameisukuma mtu mpaka ukutani au vumbi limejaa kwenye zile waya nyeusi, joto halina pa kutokea. Ivute kama kiganja kimoja. Kuna na themostati, watu wanageuza mpaka 7 siku ya sikukuu wanasahau.

Kama yote hayo sawa, inawezekana gesi imepungua. Hii ina alama yake: kompresa haizimi, friza inaganda upande mmoja tu, chini mboga hazipoi. Na hapa kuna kitu kinachochanganya, ukipima wati utakuta zimeshuka, sio kupanda, kwa sababu kompresa inasukuma gesi kidogo. Tuseme zimekuwa 90, lakini mara masaa 24 ni uniti 65 kwa mwezi, sh 23,000, na maji bado ya uvuguvugu. Fundi akija akaongeza gesi tu bila kutafuta inapovujia, baada ya muda mtarudi pale pale. Mimi nilijaziwa mara mbili hivyo kabla ya kupata fundi aliyetafuta tundu akachomelea.

## Hali za pembeni

Nipo kwenye umeme wa bei nafuu, D1. Nikinunua friji itakuwaje?

Hili ndilo swali ningependa watu waulize kabla ya kununua. D1 ni ya wanaotumia kwa wastani mpaka uniti 75 kwa mwezi. Uniti hizo 75 ni 122 kila moja, zinazozidi hapo ni 350 bila makato, yaani 427 ukiweka makato.

Tuseme sasa hivi unatumia uniti 45 kwa mwezi, taa, tivii, feni na pasi. Unalipa 5,490. Unaleta friji kama yangu, uniti 43, unakuwa na 88. Mwezi huo 75 za kwanza ni 9,150, 13 zilizobaki ni 5,551, jumla 14,700. Friji imekuongezea kama 9,200, unafurahi. Lakini ukiendelea kuzidi 75 mwezi baada ya mwezi unahamishwa T1, na hapo uniti zote 88 zinakuwa za 356, sawa na sh 31,300. Umetoka 5,490 mpaka 31,300. Friji imekula elfu 15 tu, elfu 10 na kitu ni taa zako zile zile zilizopanda bei. Mtu wa D1 anayetaka friji atafute ndogo au ya inveta ya uniti 20 hadi 25, na hapo 45 jumlisha 25 ni 70, bado upo ndani.

Tunashea LUKU, mwenye friji aongeze shilingi ngapi?

Hesabu uniti za friji peke yake kwa njia ya masaa, mchana na usiku, mpimie pamoja na anayelalamika. Hizo analipa mwenye friji, zinazobaki mnagawana. Kwetu tulinunua ya 60,000 kwa mwezi. Friji yangu 15,400, ikabaki 44,600, kwa watu wanne 11,150 kila mmoja. Mimi nikawa natoa 26,550 badala ya 15,000. Ndio, jirani alikuwa na haki ya kulalamika ingawa hesabu yake ilizidi mara mbili. Nikamwambia basi maji ya baridi ya bure yameisha, akacheka, kesho yake akatuma mtoto na jagi.

Nina friza ya duka, nagandisha barafu za kuuza. Hesabu ni ile ile?

Njia ile ile ila masaa hayatabiriki, yanafuata mzigo unaoweka. Kilo 10 za maji ya bomba la Dar kuyafanya barafu gumu inabidi utoe joto la kama uniti 1.3, na friza ya kawaida inatumia karibu uniti moja ya umeme kulitoa. Kwa hiyo kila kilo 10 ongeza kama sh 356 juu ya ile friza inayokula ikiwa imekaa tu. Ukigandisha kilo 20 kila siku ni kama 21,000 kwa mwezi ya barafu peke yake. Hapo gawa kwa idadi ya vipakiti vyako ujue kila kimoja kina shilingi ngapi za umeme kabla hujapanga bei. Na jaza maji jioni badala ya mchana, friza ipambane nayo usiku joto la nje likiwa limeshuka.